Barua kuhusu tangazo lako la kazi ya tovuti

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimepokea rasimu ya tangazo lako la kumtafuta mtu wa kuhuisha tovuti ya kampuni yenu kwa saa chache kila mwezi, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kukujibu. Lugha yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba neno “kuhuisha” umelibebesha kazi mbili zisizofanana, halafu malipo ukayapanga kwa kuitazama moja tu.

Kazi ya kwanza ni ya maudhui, yaani kuandika habari mpya, kubadilisha bei na kupandisha picha. Ya pili ni kuutunza mfumo wenyewe, yaani kuhuisha WordPress na programu-jalizi zake na kuweka nakala rudufu. Anayeiweza ya kwanza si lazima aiweze ya pili. Mimi mwenyewe niliwahi kuajiriwa kwa tangazo la namna hiyo, katika kampuni ambayo sitaitaja. Jioni moja nilihuisha programu-jalizi zote kwa pamoja bila kuchukua nakala rudufu; kurasa zilifunguka vizuri, nikafunga kompyuta nikiwa na amani. Kumbe fomu ya mawasiliano ilikuwa imeacha kutuma ujumbe, na tuligundua baada ya siku 9, mteja alipopiga simu kulalamika kwamba hajibiwi. Tangu hapo, kila ninapohuisha chochote, hujiandikia ujumbe kupitia fomu hiyo na kungoja hadi niuone umeingia kwenye barua pepe.

Sasa tuje kwenye saa. Umeandika saa 10 kwa mwezi kwa malipo yasiyobadilika, na nadhani umeichukulia habari moja kuwa kazi ya dakika 10. Hebu ifuatilie habari hiyo tangu mwanzo. Picha inatoka kwenye simu ikiwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 4 au zaidi. Ikiwekwa hivyo hivyo, ukurasa utachelewa kufunguka kwa mtu mwenye mtandao dhaifu. Inabidi ipunguzwe hadi pikseli 1600 hivi, ibaki na kilobaiti mia chache, kisha iandikiwe maelezo yatakayosomwa na programu za wasioona. Baada ya hapo maandishi yanahaririwa, viungo vinajaribiwa, na ukurasa unatazamwa kwenye simu, si kwenye kompyuta peke yake. Hizo ni dakika 45 bila kupoteza muda. Habari 2 kwa wiki ni saa 6 kwa mwezi. Ongeza saa 2 za kulinganisha bei zote na orodha ya ofisini, saa 1 ya kujaribu fomu kila wiki kwa dakika 15, na saa 2 za kuhuisha mfumo na kuhakikisha nakala rudufu zipo: tayari ni 11, na hakuna dharura hata moja iliyohesabiwa. Mwezi wenye dharura ya saa 3 utafika 14, na hapo mtu anayelipwa kwa saa 10 atakuwa amepunguziwa karibu asilimia 30 ya ujira wa kila saa bila mtu yeyote kumwambia.

Ndiyo maana ningeondoa kabisa maneno “na kazi nyingine zitakazojitokeza”, kwani humo ndimo saa za watu hupotelea. Vilevile, “malipo ni ya maelewano” hayakusaidii, kwa sababu mwenye ujuzi huona hapo hapo kwamba hujaamua na hupita zake. Hata jaribio la kabla ya kuajiri, kama utalifanya, lilipie.

Nimejaribu kuandika upya sehemu hiyo:

“Kazi ni ya saa 12 kwa mwezi: habari 2 kila wiki pamoja na picha zake, ukaguzi wa bei mara moja kwa mwezi, kujaribu fomu ya mawasiliano kila wiki, na kuhuisha mfumo mara moja kwa mwezi baada ya kuweka nakala rudufu. Ubunifu wa kurasa mpya haumo. Malipo ya saa 12 hutolewa kila mwisho wa mwezi. Saa ya ziada hulipwa kwa kiwango kile kile, baada ya kukubaliwa kwa maandishi.”

Utakayempata mfungulie akaunti yake mwenyewe, usimpe nywila yako. Kwa habari na picha, ngazi ya Editor inatosha. Ya Administrator mpe siku utakapomkabidhi pia utunzaji wa mfumo. Jina la kikoa nalo libaki limesajiliwa kwa jina la kampuni, hata kama yeye ndiye atakayekukumbusha kulilipia.

Kiwango cha malipo sikukiandika, kwa kuwa mfuko unaujua wewe. Kiandike kwa tarakimu, kisha unirudishie tangazo nilitazame kabla hujalitoa.

Wako daima,
Rafiki yako