Dada yangu ndo anajua ukweli, na ndo pole yake ina "lakini"

Shangazi shikamoo. Nakuandikia usiku huu maana usingizi umekataa kabisa, nikifumba macho namsikia dada yangu anaongea, na mume wangu leo amepata usingizi kwa shida sana sitaki kumwamsha. Samahani kama nitaruka huku na huku. Sikuandikii uniambie nilifanya vizuri au vibaya, hilo limeshapita na limeshaniumiza vya kutosha.

Pole nimepewa nyingi. Simu, meseji, watu wamekuja kukaa na mimi, kwa hilo siwezi kumlaumu mtu. Shida ni kwamba pole zote hizo ni za mimba iliyoharibika yenyewe, maana ndo tulivyowaambia watu. Haikuharibika yenyewe. Tuliisitisha sisi, hospitali, tukasaini na karatasi, baada ya ile altrasaundi ya wiki ya 20. Wanaojua ni mume wangu na dada yangu tu. Kwahiyo mtu akinishika mkono akaniambia pole mama, naitikia asante, lakini moyoni nasema huyu angejua asingekuja. Nabaki na pole ambazo naona kama nimeziiba. Na dada, ambaye namwambia kila kitu tangu mama yetu afariki, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema "pole mdogo wangu, lakini si mliamua wenyewe."

Basi ni hiyo "lakini" inayonikesha.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea, japo najua itaonekana hivyo. Altrasaundi ya mwanzo ilikuwa nzuri, moyo unapiga, kila kitu sawa, tukaanza kuwaambia watu. Ile ya wiki ya 20 mpimaji alianza na maneno mengi halafu akanyamaza. Akaniuliza kama nimeona maji yanatoka, nikasema hapana. Akanilaza ubavu huu, akanigeuza ubavu ule, akatoka kumwita mwingine. Baadae tukapelekwa kwa daktari bingwa na yeye akaangalia kwa muda mrefu, alikuwa anatafuta kibofu cha mtoto, akasema kibofu cha mtoto hujaa na kumwaga mara kwa mara hivyo anataka kusubiri aone kama kitajaa. Tukasubiri palepale. Hakikujaa. Akaangalia na mishipa ya damu inayokwenda kwenye figo, haikuwepo. Mtoto wangu hakuwa na figo hata moja.

Mimi nilidhani figo ni kitu cha baadae, azaliwe kwanza ndo tutafute matibabu. Nikamuuliza na kuhusu figo yangu, nikamwambia mchukue ya kwangu. Akanieleza taratibu, na hakunicheka. Mwanzoni mwa mimba maji ya uzazi hayamtegemei sana mtoto, ndo maana altrasaundi ya kwanza haikuonyesha kitu, lakini kuanzia kama wiki ya 16 maji yale mengi ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Asipokuwa na figo hakuna mkojo, hakuna maji, na bila maji mapafu hayakui. Ndani ya tumbo anaishi kwa sababu kondo la nyuma linamfanyia kazi zote, hewa na kusafisha damu, ndo maana moyo wake ulikuwa unapiga vizuri tu na mimi nilikuwa namsikia akicheza. Akikatwa kitovu hana mapafu ya kuvutia pumzi. Daktari akasema anaweza kufia tumboni au akafariki muda mfupi baada ya kuzaliwa, na kwamba tunaweza kuendelea na mimba mpaka mwisho au kuisitisha, yeye atatuhudumia vilevile kwa lolote. Wapo kinamama wanaoendelea mpaka mwisho na mimi nawaheshimu mno, sisemi wamekosea. Sisi hatukuweza. Nilikuwa nikimsikia anacheza nafikiria siku ambayo atataka kuvuta pumzi ashindwe. Sasa niambie Shangazi, hapo niliamua nini? Kama angekuwa na nafasi yoyote ya kuishi ningesubiri hata nikiwa kitandani miezi yote.

Dada anasema tungesubiri muujiza. Siku nyingine anasema labda kuna dawa nilikunywa mwanzoni, nikumbuke vizuri. Nimeshamweleza kwamba figo huanza kuumbwa mapema sana, wengine hata hawajajua kama wana mimba, na daktari ameniambia si kitu nilichokula wala kazi niliyofanya. Ananisikia, kesho anauliza tena. Halafu anaingia kwenye mimba ijayo, nipumzike miezi mingapi, niombe vipi, nile nini, "utapata mwingine mdogo wangu, wewe bado mdogo". Hajui kwamba mimi na mume wangu tumeambiwa na sisi tupimwe figo zetu kwa altrasaundi, maana mara nyingine tatizo hili linatembea kwenye ukoo, mtu anaishi na figo moja na hajui. Sijamwambia. Nikimwambia atanipa ushauri mwingine. Na tena mwingine simtaki, namtaka huyu.

Kuna nesi mmoja lazima nikutajie, jina nimelihifadhi moyoni. Kwanza walinipa kidonge cha kuzuia ile homoni inayoshikilia mimba, nikarudi nyumbani nacho tumboni, usiku ule sitaki kuuandika. Nikarudi wodini kwa dawa za kuleta uchungu na nikaingia leba kama mama yeyote, uchungu ule ule, masaa mengi. Watu wanaposema "mimba iliharibika" wanafikiria damu tu kidogo. Mimi nilizaa. Huyo nesi alikuwepo, dawa nyingine alinipa kwa mkono wake, kwahiyo alijua kila kitu, jina la tatizo, karatasi tulizosaini, yote. Mtoto alipotoka alimfuta, akamfunika, akasema "ni wa kiume, mama. Pole sana kwa mtoto wako." Akanyamaza. Baadae ndo akauliza kama ningependa kumshika, na akasema nikitaka sasa ni sawa, nikitaka baadae ni sawa, nisipotaka pia ni sawa. Nikamshika. Aliuliza na mume wangu kama yeye anataka, hakuna mtu mwingine aliyemuuliza mume wangu chochote mpaka leo zaidi ya "mkeo anaendeleaje". Hakuniambia Mungu ana makusudi, hakuniambia bora imekuwa mapema, hakusema nimefanya jambo jema wala baya. Alijua ukweli wote na bado akaniita mama.

Ndo maana nakuambia inawezekana. Nesi ambaye hanijui aliweza, dada yangu wa damu anashindwaje?

Siku chache baada ya kurudi nyumbani maziwa yakaja. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo, yaani mwili haujui kama mtoto hayupo, kondo likishatoka maziwa yanaanza, na kwa mimba ya miezi kama yangu yanakuja kabisa. Matiti yakajaa yakawa magumu kama jiwe. Nilipiga simu wodini wakaniambia nivae sidiria inayobana vizuri, niweke kitambaa cha baridi, nisikamue mpaka yaishe maana yataongezeka, nikizidiwa nitoe kidogo tu kupata nafuu, na kwamba nikiona homa au wekundu upande mmoja nirudi haraka. Wakasema ipo na dawa ya kuyakausha ila haimfai kila mtu mpaka wakupime presha. Sasa siku hiyo hiyo nguo imelowa, ndo mama mkwe ananifariji kwa simu kwamba nishukuru haikuwa imekamilika kuwa mtoto. Yeye hajui, na alikuwa anabembeleza tu, sina kinyongo naye. Nilikata simu nikampigia dada nikalia. Akasema jikaze, ukilia sana maziwa hayatakauka. Sikuwa nataka maziwa yakauke Shangazi. Nilitaka mtu aseme tu maskini, maziwa yamekuja.

Sijutii. Nikiulizwa tena ningesaini tena. Na bado nalia kila siku, na hayo mawili dada hayaelewi, kwake kama ulichagua huna haki ya kulia, na kama unalia basi unajuta na tuanze kuomba toba. Nimechoka kuchagua moja ili anielewe. Wakati mwingine nafikiri nimwambie mume wangu tuwaambie watu wote ukweli, waniache wanaotaka kuniacha, pole zitakazobaki zitakuwa zangu kweli. Halafu asubuhi ikifika naogopa, namwambia hapana, mtu yeyote asijue. Hata meseji hii naomba usiweke kitu cha kunitambulisha.

Kilichofanya niandike leo ni kwamba tarehe niliyotarajiwa kujifungua inakaribia. Watu wote wameshasahau, hata wale wa pole nyingi, na siwalaumu, kwao yaliisha. Aliyeikumbuka ni dada. Jana kanitumia meseji kwamba anakuja kukaa na mimi wiki hiyo nzima, hataki niwe peke yangu. Nililia kwa furaha, kweli kabisa. Halafu mwisho wa meseji kaandika "tutaongea vizuri ujue pa kuanzia tena". Nikaishiwa nguvu. Nimeandika asije, nikafuta. Nimeandika njoo, nikafuta. Nikimzuia nitamuumiza, ametulea wote. Akija na maneno yake siku hiyo, sijui kama nitaweza kumtazama tena.

Kwahiyo Shangazi naomba unisaidie kitu kimoja. Nimwandikie nini dada ili aje, lakini aje kama yule nesi? Namna gani mdogo anamwambia dada yake mkubwa, bila kumkosea adabu, kwamba aseme pole kwa mtoto wako halafu aishie hapo? Namba yake hii hapa kwenye simu, meseji yake haijajibiwa, na najua kesho akiamka atapiga kuuliza kwanini.