Msaili ana wasiwasi na uzoefu wangu: nimwandikie nini?

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni karani wa ghala katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku hapa Urambo, Tabora. Jumatatu nilifanyiwa usaili Kasulu, kwenye shirika linalotafuta msimamizi wa ghala la chakula. Mambo yalikwenda vizuri hadi mmoja wa wasaili, baba mtu mzima mwenye upole, aliponiambia: "Binti, wasiwasi wangu ni mmoja. Mbolea siyo unga wa lishe. Hapa kila katoni ina tarehe ya kuisha muda, na sioni ulipowahi kusimamia bidhaa za namna hiyo." Nilianza kueleza, lakini muda wangu ulikuwa umekwisha na mwenzangu akaitwa.

Nataka kuwaandikia kabla ya Ijumaa, maana ndiyo siku waliyosema watakaa kuamua. Kaka yangu anataka nimpigie simu yule baba kupitia jamaa yake. Sitaki. Swali lake lilikuwa la haki, na nikimtafuta pembeni nitamtia shaka nyingine. Nitajibu kwenye barua pepe ileile ya wito wa usaili, ili jibu liwafikie wote.

Hoja yangu ni hii. Ghala letu halina mbolea peke yake, tunatunza pia viuatilifu vya wakulima, navyo vina tarehe. Msimu uliopita tulikuwa na chupa 240 za kiuatilifu kimoja, zinazoisha muda Juni. Baadaye zikaingia chupa 180 za kiuatilifu hichohicho, lakini bechi hiyo mpya ilikuwa inaisha Machi. Kwa mazoea ya kutoa kwanza kilichoingia kwanza, zile 180 zingebaki nyuma mpaka muda wake upite. Nilifungua kadi ya stoo kwa kila bechi, nikabandika tarehe kubwa kwenye kila rundo, na za Machi nikazipanga mbele karibu na mlango. Zote 180 zilitoka kabla Januari haijaisha, mkulima akabaki na muda wa kuzipulizia shambani. Tulipohesabu ghala mwisho wa mwezi, idadi ilikubaliana na kadi. Hata kwenye chakula kanuni ni hiyo, kinachowahi kuisha muda ndicho kitangulie kutoka.

Rasimu yangu inasema hivi:

"Nashukuru kwa usaili wa Jumatatu. Mjumbe mmoja alikuwa na wasiwasi kwamba sijasimamia bidhaa zenye tarehe ya kuisha muda. Ni kweli sijawahi kusimamia ghala la chakula. Ila msimu uliopita nilisimamia bechi mbili za kiuatilifu, ambapo iliyoingia mwisho ndiyo iliyokuwa inaisha muda mapema. Niliitanguliza, na chupa zote 180 zilitoka kabla ya Februari. Nimeambatisha picha za kadi mbili za stoo. Katibu wa chama, aliyesimamia hesabu ya mwisho wa mwezi, amekubali kuulizwa. Mkipenda, nipeni orodha ya bidhaa zenu niwapangie utaratibu wa kuzitoa."

Wifi yangu anasema nifute ile sentensi ya kukiri kwamba sijawahi kusimamia ghala la chakula. Mimi naona nikiifuta, chupa za dawa zitaonekana kama nazipitisha kwa jina la unga. Chakula kina mambo yake, unyevu, panya, wadudu, magunia yasiyotakiwa kugusa sakafu wala ukuta, na ushahidi wangu unajibu suala la tarehe tu. Je, niiache?

La pili ni hizo picha. Katibu ameniruhusu kwa ujumbe wa simu kutumia kadi, ambazo zina tarehe, idadi na salio tu. Kitabu cha kutolea kingethibitisha zaidi, lakini kina majina na saini za wakulima, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sioni haki ya kukituma. Dada mmoja wa duka la steshenari ameniambia nizichape upya kadi kwenye jedwali safi. Nahofia jedwali linaweza kuchapwa na yeyote, ilhali kadi yenye mwandiko na mikunjo inaonyesha ilifanya kazi. Unaonaje, nitume picha za kadi zenyewe?

Linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Huenda tarehe ndiyo aliyoitaja yule baba msaili, lakini moyoni anahofia ukubwa wa ghala. Mimi nimeonyesha chupa 420, wao wanapokea malori. Sina ushahidi wa kiasi hicho. Nikigusia jambo ambalo hakuliuliza, natengeneza wasiwasi mpya. Nikinyamaza, huenda nitakuwa nimejibu swali ambalo si lenyewe. Nimefikiria kumalizia barua kwa swali moja fupi: "Kama kuna wasiwasi mwingine, naomba mniambie niujibu." Je, sentensi hiyo inafungua mlango, au inanionyesha kama nisiyejiamini?

Nakuomba unijibu mapema, dada yangu.

Msomaji wako,
Urambo, Tabora