Nyumba ya kupangisha Malindi: hesabu kabla ya kutuma pesa

Malindi

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Natafuta mwenzangu wa nusu kwa nusu katika nyumba ya vyumba vinane vya kupangisha hapa Malindi, na wa kwanza kumfikiria ni wewe. Hesabu yenyewe ni hii.

Kiwanja milioni 1.2, ujenzi milioni 3.8. Jumla milioni 5, fungu lako milioni 2.5. Tuseme kila chumba ni shilingi 7,500 kwa mwezi. Mimi nahesabu miezi kumi ya kodi kwa mwaka, si kumi na miwili, kwa kuwa wapangaji wengi hutegemea hoteli, na mvua za masika zikianza kazi hupungua, kodi hucheleweshwa, wengine huhama. Hapo tunapata 600,000. Toa mwangalizi 96,000, matengenezo 60,000, maji, taa za nje na kunyonya shimo la choo 49,000, na kodi ya serikali ya asilimia 7.5 ya mapato, yaani 45,000. Zinabaki 350,000, nusu yako ni 175,000. Ni asilimia 7 kwa mwaka.

Lakini asilimia 7.5 ni ya mkazi wa Kenya. Wewe ukihesabiwa si mkazi, utakatwa asilimia 30 ya kodi yote ya nyumba kabla ya gharama: 90,000 badala ya 22,500. Utabakiwa na 107,500, kama asilimia 4.3. Muulize mshauri wa kodi hilo kwanza. Na nikwambie wazi, hati fungani ya miundombinu ya Februari 2024 ililipa zaidi ya asilimia 18, bila kodi na bila mpangaji wa kukimbizana naye. Faida ya nyumba iko zaidi katika thamani ya kiwanja, na hiyo huigusi mpaka uuze.

Ndiyo maana sitaki kiwanja cha bei rahisi kisicho na hati. Hapa pwani watu huuziwa nyumba bila shamba: kuta ni zako, ardhi ni ya mwingine unayemlipa kila mwezi, na yeye akiuza au akikataa, huna pa kusimama. Tutafanya utafutaji wa hati sisi wenyewe katika ofisi ya ardhi, tusikubali nakala ya dalali. Majina yetu yaandikwe kwa hisa, nusu kwa nusu. Umiliki wa pamoja, ambao mmoja akifa fungu lake humwendea aliyebaki, si watoto wake, kwa sheria ya Kenya ni wa mume na mke tu, isipokuwa mahakama iruhusu.

Kwenye ujenzi adui ni chumvi. Fundi akichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima ya chumvi, nondo hushika kutu, hutanuka na kupasua boriti. Utaona ufa mrefu unaofuata nondo, na doa la rangi ya kahawia. Nitadai mchanga wa mto Sabaki na maji matamu, hata ukizidi bei.

Pesa tutume kwa hatua: msingi, kuta, paa, kila moja baada ya mhandisi kukagua. Ukiridhia, nitumie PIN yako ya KRA, nianze utafutaji.

Nduguyo,
Omar