Zombi wa Haiti alikuwa na bwana wake

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa filamu wiki iliyopita, mchambuzi aliwaita "misukule" wale maiti wanaokimbiza watu mijini na kuwatafuna. Neno hilo limeniuma. Kijijini kwa mama yangu, ikisemwa fulani kafanywa msukule, hakuna anayeogopa kung'atwa. Watu huulizana nani kamchukua, na analimishwa shamba la nani. Bibi alikuwa akipita nyumba moja jioni anapunguza mwendo, anasema, "Maskini, mtoto wa watu wanamlisha pumba."

Zombi wa Haiti, ambaye filamu zilimchukua, ni ndugu wa msukule huyo. Waumini wa vodu, dini ya Wahaiti, husimulia kwamba bokor, mganga anayefanya kazi za giza, hunasa sehemu ya roho ya mtu, kisha hufukua mwili na kuutumikisha. Wahaiti ni wajukuu wa watumwa wa mashamba ya miwa ya Wafaransa, waliojikomboa na kutangaza uhuru mwaka 1804. Kwao kifo kilikuwa mwisho wa kazi ya bwana. Kuwa zombi ni kunyang'anywa hata pumziko hilo.

Mwaka 1929 mwandishi Mmarekani William Seabrook alichapisha kisa alichosimuliwa huko. Msimu wa miwa wa 1918, msimamizi mmoja alileta kundi la vibarua kimya, macho yametoka, akawaandikisha kazini. Ujira wote alipokea yeye. Chakula chao kilipikwa bila chumvi, kwa sababu zombi akionja chumvi hujitambua kwamba amekufa. Siku ya sikukuu mke wa msimamizi aliwaonea huruma, akawanunulia vipande vya sukari guru vyenye njugu, asijue njugu zilitiwa chumvi. Walipotafuna tu, walilia kwa uchungu, wakageuka na kushika njia ya milimani kwao, hadi makaburini. Jamaa zao waliwatambua njiani wakawaita kwa majina, lakini hawakusimama.

Filamu ya mwaka 1932 bado ilionyesha zombi wakisukuma kinu cha miwa cha tajiri. Mgeuko mkubwa ulikuja 1968 na filamu ya mwongozaji George Romero. Humo maiti wanafufuka wenyewe, wanakula watu, na neno zombi halitamkwi hata mara moja. Watazamaji ndio waliowabandika jina hilo. Tangu hapo bwana ametoweka. Dawa ikawa risasi ya kichwa, na baadaye zikaja filamu za virusi. Aliyekuwa mnyonge wa kuhurumiwa sasa ndiye adui, na hakuna tena anayeulizwa nani kamfanya hivyo.

Ndiyo maana naomba wale wa filamu muwaite zombi tu. Msukule mwachieni mtu ambaye ndugu zake bado wanamtafuta.

Msomaji wenu,
Morogoro