Hatua 70 za dalali

Mbagala, Oktoba 4

Neema shoga yangu,

Salaam kutoka huku kwenu. Watoto wazima, baba yao mzima, maji yanatoka yakijisikia. Mguu wa mama mkwe wako unaendeleaje? Nasikia Songea baridi imeshaondoka, basi na wewe utoke kwenye blanketi upokee simu za watu. Nimepiga mpaka nimeona haya. Nikasema ngoja niandike kama enzi zile za bweni, na barua nimpe mdogo wake Mama Zai anayepanda basi kesho.

Nianze na la kuuma kabla sijapoteza ujasiri. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha shamba, na daftari haliangalii urafiki: hujatoa mchango wa Julai, Agosti wala Septemba. Laki 6, faini sijaweka. Siku zote nilikuwa najiambia tuna mpaka Desemba, atajipanga. Sasa Desemba haipo tena. Salio lote la shamba linatakiwa Oktoba 31, na kilichotufikisha hapo ni miguu ya yule dalali.

Unamkumbuka? Siku tulipokwenda Mkuranga mara ya kwanza, wewe ndiye uliyemchukua video anavyotembea anahesabu kwa sauti, sitini na nane, sitini na tisa, sabini, huku kanzu ameikunja mkononi. Tukacheka, tukanywa madafu, tukaamini tumeona ekari 2. Hatua 140 upande wa barabara, 70 kwenda ndani. Kila mtu anajua ekari ni 70 kwa 70, nani angebisha?

Aliyebisha ni Mama Zai, tena miezi miwili baada ya kulipa nusu. Mwezi uliopita tulikwenda kufyeka mpaka, yeye akaja na futi ya mumewe, ile ya mafundi ya mita 50. Akamwita dalali kwa upole, "Mwanangu, hebu nitembelee hatua 10 tu." Dalali akatembea. Mama Zai akalaza futi chini. Mita 8. Akamrudisha atembee tena, safari hii dalali amejinyoosha kama anaruka mtaro, na bado haikufika 9.

Shoga, nilikaa chini ya mkorosho nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Ekari ya kweli ni mita za mraba 4,047, yaani mita 63 na ushee kila upande. Ukipiga hatua ya sentimita 90, hatua 70 zinakupa mita 63. Kwa hiyo wazee hawakuwa wajinga, kipimo chao kilikuwa cha mtu mrefu anayetembea kwa kujipanua. Kwa miguu ya dalali wetu, hatua 70 ni mita 56. Shamba letu likawa mita 112 kwa 56, mita za mraba 6,272, wakati ekari 2 ni 8,094. Tunalipia ekari 2, tunapewa moja na nusu na kidogo.

Sikutaka kusimamia futi ya fundi peke yake, maana shamba lina mteremko na futi ikilegea inadanganya. Tukachanga elfu 15 kila mtu (yako niliitoa mimi, tutaongea), akaja mpimaji na kifaa chake cha setilaiti, akasimamisha mti wake kwenye kila kona. Namba zikatoka karibu zile zile. Ndipo tukaenda kwa mzee mwenye shamba, sisi wanne na Mwalimu mbele, maana Mwalimu ana ile sauti ya kuombea msiba.

Mzee hakukasirika. Alisema tu kwamba yeye kauza hatua na si mita, na hatua zimehesabiwa sote tukiwepo. Na kweli, mkataba tuliosaini Julai kwenye ofisi ya kijiji umeandikwa "ekari mbili (hatua 140 kwa 70)". Hilo kosa ni letu. Tungeandika mita, au tungelipa baada ya kupima, lisingekuwepo la kujadili. Wakili tuliyemfuata baadaye alisoma mstari ule akavua miwani. Akasema tukienda kushitakiana, yeye atasimama kwenye neno ekari na mzee atasimama kwenye neno hatua, na wote tutazeeka pale.

Tulitaka kwanza apunguze bei. Kwa milioni 12 kila ekari, eneo lile lilikuwa la milioni 18 na laki 6, si 24. Mzee akakataa katakata, ile milioni 12 tuliyotanguliza alishaezekea nyumba ya mke mdogo. Ila akaja na lake: nyuma ya shamba letu kuna kipande chake kingine chenye mikorosho, atusogezee mpaka mita 16 kwenda ndani, upana ule ule wa 112. Nilipiga hesabu palepale. Kutoka 56 tunakwenda 72, tunapata mita za mraba 8,064. Zimepungua 30 tu kufika ekari 2, na hizo nimemsamehe mimi kwa niaba yenu wote.

Masharti yake ni mawili. Moja dogo: korosho za msimu huu achume mwenyewe, mpaka Desemba tusiguse mti. Sawa, nani kati yetu anajua kubangua? La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Salio lote, milioni 12, lifike kwake kabla ya Oktoba kuisha. Zikipita siku hizo, mpaka unarudi pale pale kwenye 56, na tunaendelea kulipa kidogo kidogo kama zamani kwa bei ile ile. Tumeliandika kama nyongeza ya mkataba, safari hii kwa mita, na mchoro wa mpimaji umebanwa nyuma. Wamesaini wake zake wote wawili, mwanawe mkubwa na jirani wa nyuma, ambaye alileta maneno kwamba mpaka wake ni mnazi na si michongoma, akapelekwa akaonyeshwa, yakaisha. Kwako kuna nafasi tupu. Majina yetu yameandikwa yote 10, maana kikundi bado hakijasajiliwa na jina lake peke yake halina pa kusimama kwenye mkataba. Jina lako ni la 7.

Sasa sikia hesabu za mfuko. Tangu Julai ilikuwa iingie milioni 6. Imeingia milioni 5 na laki 2, kwa sababu laki 6 ni zako na laki 2 ni za Fundi, ambaye ameapa mbele ya watu ataleta Jumamosi. Tumekubaliana kila mtu alete Oktoba, Novemba na Desemba kwa mkupuo, laki 6 kichwa. Hiyo ni milioni 6. Ongeza madeni laki 8, inatimia milioni 12 kamili, haizidi hata nauli. Kwako, shoga, maana yake ni milioni 1 na laki 2. Nimeiandika na mkono haukutetemeka, lakini moyo ndiyo.

Kwa nini nakung'ang'ania hivi, wakati ungeweza kusema "mimi nitalipa baadaye, ninyi endeleeni"? Kwa sababu ya barabara. Mpimaji ametuchorea njia ya mita 8 katikati, lori la mchanga lipite na kugeuza, viwanja 5 huku na 5 kule. Kwa kina cha 72, kila mtu anapata 22.4 kwa 32, zaidi kidogo ya mita za mraba 716. Kwa kina cha 56 barabara haipungui, inakula vile vile mita 8, unabaki na 22.4 kwa 24, yaani 537. Ukitoa choo, kisima na banda la kuku la Mama Zai (anazungumzia kuku utadhani ndio waliochanga), nyumba inabaki ya kubanana. Mita 179 za kila mtu zinaning'inia kwenye milioni yako na laki 2. Sikusemi kwa ubaya. Ndivyo namba zilivyokaa.

Na kuna kikao cha Jumapili iliyopita. Sikupenda kukuambia ila utasikia kwa wengine, bora usikie kwangu. Babu Kijiko alifungua katiba yetu kwenye kile kifungu cha miezi mitatu mfululizo: mwanachama arudishiwe alichotoa pungufu ya asilimia 10, hisa yake iuzwe kwa mwingine. Tena mnunuzi anaye, shemeji yake, fedha taslimu. Wewe umeshatoa milioni 1 na laki 2, ungerudishiwa milioni 1 na elfu 80. Nilisimama. Nikasema Neema nilimleta mimi, nilimdhamini mimi, nipeni mpaka Oktoba 20. Wakanipa, lakini Mwalimu hakuniangalia usoni. Baada ya Oktoba 20 kuna siku 11 tu za kumpokea huyo shemeji na kulipa, kwa hiyo hata mimi nisingeweza kuomba zaidi.

Ukiwa na kitu, usinitumie mimi kwenye simu yangu. Weka kwenye akaunti ya kikundi, andika jina lako na miezi unayolipia, kisha nipigie picha ya risiti. Safari iliyopita uliandika "ya shamba" na nikatafuta wiki nzima ni ya nani. Na ikiwa ni nusu, leta nusu. Laki 6 za deni zikiingia kabla ya tarehe 20, kifungu cha Babu Kijiko hakina meno tena, na hizo nyingine laki 6 naweza kumkopa dada yangu kwa jina langu. Nimeshamgusia, hakusema ndiyo, ila hakukata simu.

Kuna jambo nilitaka kuuliza tangu mwanzo wa barua nikawa nazunguka. Shemeji anajua kuhusu kiwanja? Maana ulikoma kutoa mwezi ule ule mlipohama. Au kazi ya Songea haikuwa kama walivyokuahidi? Ile video ya dalali bado unayo kwenye simu? Wakili anaiomba, tuiweke. Unaweza kuja tarehe 30 kusaini, au nikutumie fomu ya uwakilishi usainie kwa wakili wa huko? Ukija utalala kwangu, au bado unaogopa paka? Na kiwanja, unataka upande wa mikorosho au wa barabarani? Kura ni siku hiyo hiyo, lakini Mama Zai yuko tayari kubadilishana na yeyote atakayempa upande wa nyuma.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mwaju wako