YAH: PICHA YA UPWA WA BAGAMOYO ILIYOBADILISHWA KUWA YA JIONI

Kwa Meneja wa Studio,

Tunairudisha picha mliyotukabidhi na tunaomba irudiwe. Tuliwapa picha ya saa sita mchana ya mwezi Machi, yenye mashua tatu, nguzo ya kufungia kamba na bahari nyuma yake. Agizo lilikuwa moja: iwe jioni, jua likiwa limebakiza kama dakika 40 kuchwa, na kitu chochote kisisogee.

Kosa kubwa ni jua lenyewe. Mmeliweka juu ya bahari, na chini yake mmechora njia ya dhahabu majini. Bahari ya Bagamoyo iko mashariki, jua huchwa upande wa bara. Mpiga picha alielekea baharini, kwa hiyo jioni jua liko mgongoni mwake. Mng'ao wa namna ile huonekana kwa anayelitazama jua, kwa hiyo hapa hauna nafasi. Mlichotupa ni macheo, na mvuvi yeyote wa hapa atalijua hilo mara moja.

Vivuli navyo mmeviacha vya mchana. Dakika 40 kabla ya kuchwa jua huwa juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 10 hivi, na kivuli hukaribia mara 6 ya urefu wa kitu. Nguzo ile ya mita 2 inatoa kivuli cha zaidi ya mita 11, kinacholala kuelekea baharini. Maji yako mita 8 tu kutoka kwenye nguzo, hivyo kivuli lazima kiyafikie. Kwenye picha yenu kimejikunja miguuni pa nguzo.

Kisha mmeyajaza maji hadi yamefunika kamba na tumbo la mashua ya kushoto, mkatueleza kwamba jioni bahari hujaa. Picha ilipigwa maji yakiwa nusu, yakipwa. Baada ya muda wa saa sita na dakika chache huwa nusu tena, yakijaa. Mstari wa maji haukuwa na sababu ya kuhama.

Tunaomba mfanye hivi. Picha ya asili iwe tabaka la chini, lifungwe. Ondoeni kwanza vivuli vya mchana chini ya mashua, ndipo mchore vipya. Rangi ya joto iangukie pande zinazotutazama, yaani mbao, milingoti na mawingu. Bahari ibaki ya buluu iliyokolea. Mwisho wekeni tabaka jipya kwenye `Difference` juu ya la asili. Utandu wa rangi utaonekana, huo si tatizo. Lakini mkiona mstari mwembamba unaong'aa kando ya mlingoti, jueni mlingoti umesogea.

Malipo yaliyobaki tutayatoa tukishaona vivuli, maji na milingoti viko sawa.

Wateja wenu,
Bagamoyo