Kwa vijana wanaotembeza wageni Mji Mkongwe

Wanangu,

Asalaam alaykum. Juzi jeneza lilipita uchochoroni, mgeni akamuuliza mwenzenu: "Kafa alfajiri na mnamzika adhuhuri? Mbona mna haraka ya kumwondoa? Na sanduku lake liko wapi?" Kijana akanuna, kisha akajibu, "Ni kwa sababu ya joto." Mgeni akasema kwa upole, "Lakini hospitali si kuna majokofu?" Hapo kijana akakwama.

Alistahili kukwama. Joto si sababu. Muislamu wa nchi ya theluji naye hutaka maiti wake azikwe mapema. Tunaharakisha kwa kuwa Mtume ametuamrisha: maiti akiwa mwema, mnamfikisha kwenye kheri yake. Semeni hivyo hivyo. Mgeni si lazima aamini, ila atakuwa ameelewa. Kumtafutia sababu ya kupendeza masikio yake ni kumdharau yeye na dini pia.

Neno "kumwondoa" linachoma, najua. Lakini kwao Ulaya maiti huweza kungoja wiki mbili hadi jamaa wakutane, na kungoja huko ndiyo heshima yao. Basi mwonesheni heshima yetu ilipo. Mwambieni kwamba ndani ya saa hizo chache maiti ameoshwa kwa mikono ya watu, mwanamume na wanaume, mwanamke na wanawake, na maji ya mwisho yametiwa kafuri. Amevishwa sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, tajiri na maskini sawa. Wanaolibeba jeneza wanapokezana mabegani, na hata mpita njia hutia bega hatua chache. Nawe ukiweza, waombe wageni wasimame pembeni, washushe kamera, kisha utie lako.

Kuhusu sanduku, elezeni kaburi lenyewe, maana wengi hudhani tunamfukia mtu udongo usoni. Chini ya kaburi huchimbwa mwanandani. Humo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, akielekea kibla, shavu likigusa ardhi, kisha mwanandani hufunikwa kwa mbao ndipo udongo urudishwe. Jeneza ni la kubebea tu, hurudi msikitini kumngoja mwingine. (Mgeni hushtuka hapa. Mwacheni ashtuke.)

Akiuliza hitima na arubaini, msiseme "dini yetu inasema." Semeni ni mazoea ya watu wengi wa hapa, na kwamba masheikh wenyewe wanahitilafiana. Msianze kubishana ninyi kwa ninyi mbele yake. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, hiyo imo ndani ya Kurani.

Anayeuliza maswali ya namna hii mara nyingi ana maiti wake moyoni. Mwulizeni kwao wanazikaje, mnyamaze mumsikilize. Akitaka kutoa pole, mfundisheni kusema "poleni", mumpeleke barazani walikokaa wanaume wa msiba, na mama mgeni apelekwe ndani kwa wanawake.

Babu yenu wa mtaani